Kumpokea mhudumu mpya wa mapokezi hotelini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wakuu wa mapokezi, mameneja wa zamu na maofisa utumishi wa hoteli ndogo na za kati nchini Tanzania, zile ambazo hazina idara ya mafunzo na anayempokea mgeni wa kazi ndiye huyo huyo anayejibu simu. Tumebaki kwenye mapokezi kwa sababu mhudumu wa pale hushika fedha, funguo na taarifa za wageni karibu tangu siku ya kwanza, na ndiko tunakoona watu wazuri wakizamishwa kwa maelezo kabla hawajajua choo kiko wapi. Msimamo wetu ni mmoja: wiki ya kwanza mfundishe kile atakachokitumia kesho yake. Mengine yapangie tarehe.

Siku ya kwanza aripoti saa ngapi?

Saa tano asubuhi. Hoteli nyingi wageni hukabidhi vyumba mpaka saa nne, kwa hiyo kuanzia saa moja hadi saa nne kaunta ina foleni: huyu anataka risiti, yule anadai hakunywa soda iliyoandikwa kwenye bili yake, dereva wa uwanja wa ndege anapiga honi nje. Mtu mpya akifika katikati ya hapo atasimama pembeni akiwa na begi mkononi, kila mmoja akimwambia “subiri kidogo”. Hilo ndilo litakuwa somo lake la kwanza kuhusu ninyi, na litachukua muda kufutika.

Saa tano foleni imekwisha na wageni wapya hawajaanza kuingia. Mkuu wa mapokezi ana saa mbili za kukaa naye kwa utulivu, kisha wanakwenda kula pamoja. Chakula cha mchana cha siku ya kwanza kisiachwe kwa bahati. Mwambie mapema kama wafanyakazi hula hotelini, saa ngapi, na kama wanakatwa fedha. Wapo waliokaa na njaa mpaka jioni kwa kuona aibu kuuliza.

Ni mambo gani ambayo lazima yafanyike siku hiyo?

Manne tu: karatasi za ajira, njia za kutokea moto ukizuka, kumjua mtu wa kumuuliza, na ratiba yake ya zamu.

Karatasi si hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi: kazi yake ni ipi, atafanyia wapi, inaanza lini, mkataba ni wa aina gani na wa muda gani, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kama mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Mikataba mingi ya hoteli imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kwa hiyo usimsukumie kalamu. Pitia naye kipengele kwa kipengele kwa Kiswahili, na mwache aende na nakala yake nyumbani.

Mshahara ueleze kwa hesabu. Hapa ndipo manung'uniko ya mwisho wa mwezi huzaliwa, kwa sababu mtu aliambiwa laki tano, akapokea pungufu, akaanza kuhisi ameibiwa. Chukua karatasi uandike: mshahara ghafi 500,000. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 50,000, na mwajiri anaongeza 50,000 nyingine kutoka mfukoni mwake. Zinabaki 450,000 za kutozwa kodi ya mapato, ile PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haitozwi, na 180,000 inayozidi hutozwa asilimia 8, sawa na 14,400. Mkononi atapata 435,600. Dakika tano zinatosha, na hata viwango vikibadilika atajua cha kuuliza.

Usalama usiusome kwenye karatasi. Tembea naye kutoka kaunta mpaka ngazi ya dharura, afungue mlango mwenyewe kwa mkono wake, mfike mpaka mahali pa kukusanyikia. Mwonyeshe mitungi ya kuzimia moto ilipo na namba 114 ya Zimamoto iliyobandikwa karibu na simu. Kisha mwambie jambo moja linalomhusu yeye kuliko idara nyingine zote: king'ora kikilia, mapokezi hutoka na orodha ya wageni waliomo. Bila orodha hiyo, hakuna anayejua chumba gani bado kina mtu.

Na maadili ya hoteli je? Tunayo saba, yamebandikwa ukutani. Tumsomee yote?

Msomee kama mnataka, lakini msihesabu kwamba mmemfundisha. Neno “uadilifu” ukutani halimwambii mtu afanye nini saa tatu usiku mbele ya kaunta. Chagueni matatu ambayo mapokezi huyajaribu kila siku, na kila moja mlifundishe kwa tukio moja lenye uamuzi ndani yake. Moja kwa siku, kuanzia siku ya pili. Sisi tungechukua usiri, ukweli kwenye fedha, na usawa kwa wageni.

Usiri unafundishwaje kwa tukio?

Mpe hali hii, muigize wawili, mwenyeji wake, yaani mwenzake wa zamu anayekaa naye, akiwa ndiye mtu aliyetoka nje.

Anaingia mwanamume aliyevaa vizuri, anasalimia kwa uchangamfu, anasema: “Dada, habari za kazi? Shemeji yangu amefikia hapa kwenu, nimeambiwa chumba namba kumi na nne au kumi na sita, hebu niangalizie.” Anataja jina kamili. Jina lipo kwenye mfumo.

Mhudumu mpya, kwa malezi yetu ya ukarimu, atataka kumsaidia. Atafungua kompyuta, ataona jina, atasema “kumi na sita”. Hapo amekwisha kutoa siri ya mgeni kwa mtu asiyemjua. Huenda ni shemeji kweli. Huenda pia ni mdai, au mume ambaye mkewe amemkimbia.

Jibu sahihi halimkubalii wala halimkatalii kwamba mgeni yupo: “Karibu kaka, naomba uketi. Naomba jina lako na namba yako. Kama tuna mgeni wa jina hilo nitamfikishia ujumbe, naye atakupigia.” Kisha mhudumu anapiga simu chumbani bila kubonyeza namba mbele ya macho ya mtu huyo. Mgeni akisema “mwambie nashuka”, sawa. Akisema hamjui, au asipopokea, mtu wa nje anaambiwa ujumbe wake umechukuliwa, basi. Akizidi kung'ang'ania, anaitwa meneja wa zamu. Mhudumu wa siku tatu hapaswi kubishana peke yake.

Rudieni igizo mara mbili, ya pili mwombaji akiwa mkali. Baada ya hapo mfundishe tabia ndogo inayotokana na kanuni hiyo hiyo: namba ya chumba haitamkwi kwa sauti mtu anapokabidhiwa ufunguo. Inaandikwa kwenye kijikaratasi na kuonyeshwa kwa kidole. Mkitaka, mtajieni pia kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwamba daftari la wageni ni taarifa binafsi. Ila igizo ndilo litakalobaki.

Ukweli kwenye fedha tunaufundisha vipi bila kumfanya ajione anashukiwa?

Kwa kumfundisha kuhesabu, na kwa kumwambia tangu mapema kitakachotokea akipata shoti, yaani fedha ya droo ikipungua. Hofu ya shoti ndiyo humfanya mtu mwaminifu afiche elfu tano, kisha akope ya kuzibia, kisha afike mahali ambapo hawezi tena kusema.

Mwonyeshe makabidhiano ya zamu ya saa tisa alasiri. Anayetoka na anayeingia huhesabu pamoja, noti kwa noti, huandika kwenye daftari la makabidhiano, na wote wawili husaini. Siku ya tatu mpe hesabu kama hii aifanye mwenyewe:

Zamu ilianza na chenji ya 200,000. Chumba kimoja kimelipiwa taslimu 85,000, kingine 120,000, na kufua nguo 15,000. Imetolewa 30,000 ya teksi ya mgeni kwa hati ya malipo. Kwenye droo panatakiwa kuwa na 390,000. Wanahesabu wanakuta 375,000.

Mwulize: utafanya nini? Wengi husema watazijazia. Mwambie hapana, tunatafuta kwanza. Shoti ni 15,000 kamili, na kuna muamala mmoja wa kiasi hicho hicho: kufua nguo. Shoti inapolingana na muamala mmoja, mara nyingi fedha haikupotea, iliandikwa pasipo pake. Anafungua taarifa za lipa namba, anakuta 15,000 imeingia saa saba na nusu. Mgeni alilipa kwa simu, mhudumu akabonyeza “taslimu”. Inasahihishwa na meneja, inaandikwa kwenye daftari kwa nini, na kila mtu anakwenda nyumbani.

Na isipopatikana? Inaandikwa hivyo hivyo, siku hiyo hiyo. Hapa hoteli nazo ziwe za kweli. Sheria ya 2004 hairuhusu kumkata tu mfanyakazi kila shoti inapotokea. Lazima hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mkimtaka yeye aseme ukweli wa elfu kumi na tano, naye aone kwamba ninyi mnafuata utaratibu.

Usawa kwa wageni una shida gani? Si kila mtu anaujua?

Anaujua kwa maneno. Kaa naye kaunta siku ya nne utazame macho yake mgeni wa nje na mgeni wa ndani wanapoingia kwa pamoja. Mara nyingi tabasamu huenda upande mmoja. Kanuni ya kumpa ni fupi: aliyefika kwanza anahudumiwa kwanza, na aliyefuata anatazamwa na kusalimiwa ndani ya muda mfupi ili ajue ameonekana. Anayelipa bei ya wakazi anapewa maelezo yale yale ya kifungua kinywa, intaneti na maji ya moto.

Nani akae naye? Mkuu wa mapokezi mwenyewe?

La. Mkuu ampokee na kumfungia wiki, lakini mtu wa kukaa naye kila siku awe mwenzake wa zamu ile ile, tunayemwita mwenyeji. Awe amemaliza muda wa majaribio, awe na subira, na wala si lazima awe ndiye mwepesi kuliko wote. Wepesi hufanya kazi kwa vidole ambavyo mgeni wa kazi hawezi kuvifuata. Mpunguzieni mzigo wiki hiyo. Mwenyeji akiachiwa simu, kaunta na mafunzo kwa pamoja, kitakachoachwa ni mafunzo.

Mwenyeji pia humwingiza katika heshima za mahali. Mhudumu wa mapokezi anaweza kuwa na miaka ishirini na mbili, na mama wa usafi wa vyumba ana hamsini na yuko hapo tangu hoteli inafunguliwa. “Mama, shikamoo. Naomba kuuliza, chumba namba tisa kimekuwa tayari?” itampa jibu haraka kuliko “namba tisa vipi?” ya kwenye redio ya mkononi. Kuna siku atahitaji chumba kisafishwe kabla ya vingine, na atakumbukwa alivyosalimia.

Mfumo wa kompyuta tumfundishe siku gani?

Siku ya pili mchana, na vitendo vitatu tu: kutafuta jina la aliyeweka nafasi, kumwandikisha mgeni anayeingia, na kupokea malipo mpaka risiti ya EFD itoke. Kama mfumo una sehemu ya mazoezi, aanzie huko.

Kila kitendo kipite hatua tatu. Mwenyeji anafanya huku akisema anachofanya. Kisha mgeni wa kazi anasema na mwenyeji anabonyeza. Kisha mgeni wa kazi anabonyeza mwenyewe na mwenyeji amekunja mikono. Hatua ya katikati watu huiruka, na ndiyo inayofichua alichokuwa anakariri bila kukielewa.

Kufuta nafasi, kurudisha fedha, kugawa bili ya kampuni na kufunga hesabu za siku usiku, hivyo vyote ni vya wiki ya pili na ya tatu. Akikutana navyo kabla, jibu lake ni: “Naomba dakika moja nimwite mwenzangu.” Mfundishe sentensi hiyo, na mmwitikie anapoitumia.

Tutajuaje kwamba tumemzidishia?

Ishara ya kwanza ni kwamba ameacha kuuliza. Siku ya kwanza aliuliza sana, siku ya tatu anasema “sawa, sawa” kwa kila kitu. Ya pili ni kwamba anawauliza wengine pembeni mambo ambayo wewe umemweleza asubuhi. Ya tatu huonekana kwenye daftari lake: anaandika kila neno, kurasa kwa kurasa, wala harudi kusoma.

Swali “umeelewa?” halisaidii kitu, kwa sababu adabu inamtaka ajibu ndiyo. Mwambie “hebu nionyeshe”. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kurudia, na yale uliyopanga kumfundisha saa inayofuata yaondoe siku hiyo. Hayatapotea.

Apangiwe zamu gani wiki ya kwanza?

Zamu moja, isibadilike, na isiwe ya usiku. Siku ya kwanza akishafika saa tano, zinazobaki afanye ya asubuhi, saa moja hadi saa tisa; ana nafasi ya kuona watu wakitoka na wachache wakiingia. Usiku kaunta ina mtu mmoja na mlinzi, na mtu mpya hana wa kumuuliza. Atakapoanza usiku, ajue mapema kwamba kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Kosa la ratiba tunaloliona zaidi ni kumfungisha na kumfungulisha: anatoka saa tano usiku, anatakiwa kaunta saa moja asubuhi. Hizo ni saa nane, na humo kuna daladala mbili, kuoga na kupika. Kwa kawaida sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Pia akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya saa moja, kwa hiyo pangeni nani atashika kaunta wakati anakula. Kula sandwichi chini ya meza huku unajibu simu si mapumziko.

Siku ya mwisho ya wiki tufanye nini?

Mkuu wa mapokezi akae naye nusu saa mahali ambapo simu haifiki. Si mtihani. Amwulize ni kazi gani sasa anaweza kuifanya peke yake, ipi bado inamtia wasiwasi, na ni kitu gani alikiona wiki hii hakikumwingia akilini. Swali la mwisho lina thamani kubwa kwenu, kwa maana bado ana macho mageni. Anaweza kusema kwamba bei iliyobandikwa mlangoni si ile iliyoko kwenye mfumo, au kwamba mlango wa dharura wa ghorofa ya pili umezuiwa na magodoro. Lishughulikieni kabla ya Jumatatu na mmweleze mlivyofanya.

Kisha mwandikieni wiki ya pili kwenye nusu karatasi: vitendo viwili vipya vya mfumo na siku ya kila kimoja, ratiba yake ya zamu, na jina la mwenyeji wake kama amebadilika.

Na kama ameshatuambia hataki kuendelea?

Mwulizeni sababu bila kumbembeleza, na mlipeni siku zake zote alizofanya. Wakati mwingine ni nauli, au ni mtoto asiye na wa kumwangalia alasiri, na ratiba ikibadilishwa anabaki. Akiondoka hata hivyo, chukueni sare na ufunguo, na nywila yake ya mfumo ifungwe siku hiyo hiyo, mkuu akisaini kando yake kwenye daftari kwamba vimepokelewa.